Nesi, mgonjwa na swali la saa 8 usiku: Huduma baada ya mimba kuharibika hufanyikaje?

Saa 8 usiku, bajaji inasimama mbele ya hospitali ya wilaya. Binti wa miaka 22 anashushwa akiwa amemwegemea shangazi yake. Kanga aliyojifunga kiunoni imelowa damu. Shangazi anamwambia nesi kwa sauti ya chini: "Tumbo linamuuma tangu juzi, sista. Sijui ni nini."

Nesi anaweza kuanza kwa njia mbili. Anaweza kuuliza, "Umetoa mimba?" Au anaweza kushika mkono wa binti na kuhesabu mapigo ya moyo.

Binti huyu ni mgonjwa wa mfano, lakini hali yake ni ya kawaida kwenye wodi za wanawake nchini Tanzania. Somo la huduma baada ya mimba kuharibika humfundisha muuguzi achague njia ya pili. Swali litaulizwa, ila lina wakati wake na namna yake. Likikosewa, matibabu nayo yanakosewa.

Mimba kuharibika ni nini hasa?

Kitabibu, mimba inaweza kuharibika yenyewe au ikatolewa kwa makusudi. Kwa vyovyote vile, tatizo kubwa linalomleta mgonjwa hospitali huwa ni lile lile: sehemu ya mimba imebaki ndani ya kizazi. Mabaki hayo yanazuia kizazi kujikaza, hivyo damu inaendelea kutoka. Yakikaa, yanaoza na kuleta maambukizi.

Ndiyo maana matibabu ya msingi hayategemei jibu la "ilitoka yenyewe au ulitoa". Kuondoa mabaki ya mimba ni moja ya huduma 7 za msingi za dharura za uzazi zinazotambuliwa na Shirika la Afya Duniani (WHO), sambamba na kutoa kondo la nyuma lililokwama na kumsaidia mtoto mchanga kupumua.

Sheria ya Tanzania ina makosa ya kutoa mimba kwenye Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 150 hadi 152, na kifungu cha 230 kinalinda upasuaji unaofanywa kwa nia njema kuokoa maisha ya mama. Lakini kumtibu mtu ambaye mimba yake imeshaharibika ni huduma halali. Kazi ya nesi pale mapokezi ni kuokoa maisha. Upelelezi sio kazi yake.

Dakika 15 za kwanza

Turudi kwa binti wetu. Nesi anamlaza, anamwita mwenzake, kisha anapima. Mapigo ya moyo ni 124 kwa dakika. Presha ni 84 kwa 50. Joto la mwili ni nyuzi 38.6. Mikono ni ya baridi na ina jasho.

Hapa kuna kipimo rahisi ambacho muuguzi hutakiwa kukikumbuka. Kwa mtu mzima mwenye afya, namba ya mapigo huwa chini ya namba ya juu ya presha. Kwa binti huyu imepita: mapigo 124, presha 84. Hiyo ni dalili kwamba mwili umeishiwa damu au umezidiwa na maambukizi, na moyo unakimbia kufidia. Kwa jina la kitabibu, yuko kwenye mshtuko.

Kwa hiyo hakuna muda wa mahojiano. Anawekewa sindano nene ya mshipa, ya kijivu au ya kijani, kwa sababu nyembamba haipitishi maji kwa kasi inayotakiwa. Dripu ya lita 1 inaingia ndani ya dakika 15 hadi 20. Anapewa oksijeni na kufunikwa blanketi. Damu inachukuliwa kupima wingi na kundi, ili benki ya damu ijiandae. Mpira wa mkojo unawekwa pia, kwa sababu mkojo ukipungua chini ya mililita 30 kwa saa, figo zinakosa damu ya kutosha.

Joto la 38.6 linaongeza jambo la pili. Damu inayotoka ina harufu mbaya, na akibonyezwa chini ya kitovu analia. Huo ni uchafu ulioingia kwenye kizazi. Daktari wa zamu anaagiza dawa 3 za antibayotiki kwa mshipa: ampisilini gramu 2 kila baada ya saa 6, gentamaisini miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito mara 1 kwa siku, na metronidazo miligramu 500 kila baada ya saa 8. Binti ana kilo 50, kwa hiyo gentamaisini yake ni miligramu 250.

Kwa nini dawa 3? Kwa sababu maambukizi ya kizazi mara nyingi hubeba wadudu wa aina tofauti kwa pamoja, na hakuna dawa moja kati ya hizo inayowamaliza wote.

Baada ya dripu ya pili, presha inapanda hadi 100 na mapigo yanashuka hadi 106. Sasa ndipo swali linaweza kuulizwa.

Swali lile lile, majibu mawili

Nesi anahitaji kujua kilichotokea kwa sababu ya kitabibu tu. Kama kuna kitu kiliingizwa ukeni, kizazi au utumbo unaweza kuwa umetobolewa, na kuna hatari ya pepopunda. Kama alikunywa kemikali au dawa za mitishamba, ini na figo zinaweza kuwa zimeathirika. Kama alitumia vidonge, hatari ya kutoboka ni ndogo na kinachoangaliwa zaidi ni damu na mabaki.

Tatizo ni namna ya kuuliza. Nesi akisema mbele ya wodi nzima, "Sema ukweli, ulifanya nini na hiyo mimba?", binti atajibu kitu kimoja tu: "Nilianguka." Jibu hilo litaandikwa kwenye faili. Hatachomwa sindano ya pepopunda. Daktari hatatafuta tundu kwenye kizazi. Siku 2 baadaye tumbo litakuwa gumu kama ubao, na hakuna atakayeelewa ni kwa nini.

Somo linafundisha mambo manne kabla ya kufungua mdomo: vuta pazia, mwombe ndugu atoke, kaa chini ili macho yenu yalingane, na anza kwa kueleza sababu. Inakuwa hivi:

"Dada, presha yako imepanda kidogo, dripu imesaidia. Nina swali moja ili daktari akupe dawa sahihi. Wakati mwingine mimba inaharibika yenyewe, wakati mwingine mtu anakuwa ametumia dawa au kuna kitu kimeingizwa. Matibabu utapata kwa vyovyote. Kwako ilikuwaje?"

Binti anakaa kimya. Nesi naye anakaa kimya. Hapa wauguzi wengi wageni hukosea, wanajaza ukimya kwa swali jingine. Baada ya muda binti anasema: "Kuna mama mmoja mtaani. Aliweka kijiti."

Nesi hashtuki wala hatikisi kichwa. Anasema, "Asante kwa kuniambia. Hiyo inatusaidia kujua cha kuangalia." Kisha anaandika kwenye faili kile kinachohitajika kwa matibabu, bila maneno ya kuhukumu.

Jibu hilo moja limebadilisha mambo mawili. Binti anachomwa sindano ya kinga ya pepopunda. Na daktari anaitwa kukagua tumbo kabla ya kizazi kusafishwa: je, ni gumu? Je, akibonyezwa na mkono ukaachiliwa ghafla maumivu yanazidi? Je, ana maumivu kwenye ncha ya bega? Dalili hizo zikiwepo, huenda kuna damu au usaha ndani ya tumbo na mgonjwa anaelekea chumba cha upasuaji. Binti huyu tumbo lake ni laini upande wa juu, na utrasaundi haionyeshi damu ndani ya tumbo. Daktari anaruhusu kusafisha.

Kusafisha kizazi bila kukwangua

Kwa mimba changa, njia inayotumika ni bomba la kufyonza kwa mkono, ambalo wahudumu wanaliita MVA. Ni bomba la plastiki la mililita 60 linaloshika mvuto wa hewa, likiunganishwa na mrija laini unaopitishwa kwenye mlango wa kizazi. Halihitaji umeme. Wauguzi wakunga waliopata mafunzo wanaweza kulitumia, na kazi yenyewe kwa kawaida haizidi dakika 15. WHO inashauri njia hii au vidonge vya misoprostoli badala ya ile ya zamani ya kukwangua kwa chuma, ambayo ina hatari zaidi ya kuumiza kizazi. Kwa binti huyu mwenye maambukizi, vidonge sio chaguo zuri, kwani mabaki yanatakiwa yatoke haraka.

Ukubwa wa kizazi chake ni kama wa wiki 10. Kikiwa kikubwa zaidi ya wiki 12 hadi 14, bomba hili pekee halitoshi, na mgonjwa anahitaji mtaalamu mwenye uzoefu zaidi.

Maumivu yana sehemu yake kwenye somo. Kuna dhana mbaya kwamba mwanamke aliyetoa mimba "aachwe aumie ajifunze". Kitabibu hilo ni kosa na ni hatari, maana mgonjwa anayejinyonga kwa maumivu anaweza kutobolewa. Binti anapewa dawa ya maumivu, kisha anachomwa ganzi pembeni mwa mlango wa kizazi, na mtoa huduma anasubiri dakika chache ifanye kazi. Nesi wa pili anasimama upande wa kichwa na kumweleza kila hatua: "Sasa utasikia baridi. Sasa utasikia kama maumivu ya hedhi. Tukisimama utaniambia."

Kazi imekwisha pale ambapo hakuna tena kinachotoka isipokuwa povu jekundu au la waridi, ukuta wa kizazi unakwaruza, na kizazi kinaubana mrija.

Halafu kuna hatua ambayo watu waliochoka huiruka: kuangalia kilichotoka. Kinasuuzwa kwenye maji na kumulikwa. Tishu za mimba huonekana kama manyoya meupe yanayoelea. Kama hazionekani kabisa, kuna maswali mawili: je, bado zimebaki ndani, au mimba ilikuwa nje ya kizazi? Mimba iliyotunga nje ya kizazi inaweza kutoa damu kidogo tu ukeni huku nyingi ikimwagika tumboni. Damu kidogo haina maana ya hatari ndogo.

Asubuhi: Usikisie anajisikiaje

Saa 4 asubuhi binti anaweza kukaa kitandani. Joto limeanza kushuka. Kwa kuwa alikuwa na maambukizi makali, antibayotiki za mshipa zitaendelea hadi akae saa 48 bila homa. Wingi wake wa damu ni 8.1. Amepungukiwa, lakini presha imetulia, hivyo daktari anaona hahitaji kuongezewa damu na anampa vidonge vya madini chuma.

Hapa nesi anakaa naye tena. Makosa yanayotokea sasa huwa ya aina mbili. Kosa la kwanza ni mahubiri. La pili ni faraja ya haraka: "Usijali, utapata mwingine." Maneno hayo yanachukulia kwamba nesi anajua mgonjwa anajisikiaje. Lakini mwanamke wa kitanda hiki anaweza kuwa na nafuu moyoni, na wa kitanda cha pili, ambaye mimba yake aliisubiri miaka 6, akawa na msiba. Mwingine anakuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo nesi anauliza: "Usiku ulikuwa mgumu. Leo unajisikiaje?" Kisha anasikiliza. Kwa mwanamke aliyeitaka mimba, jambo la kawaida kama kulazwa karibu na akina mama wanaonyonyesha linaweza kumuumiza, na kumhamisha kitanda ni matibabu pia. Swali ambalo wengi huliuliza kimoyomoyo, "Nitazaa tena?", linajibiwa kwa ukweli: kwa wengi mimba kuharibika bila madhara hakuzuii kuzaa baadaye. Binti aliyepata maambukizi anaambiwa kwamba kumaliza dawa ni muhimu, kwa sababu maambukizi yakisambaa yanaweza kuziba mirija.

Kuna mambo matatu ambayo nesi haruhusiwi kuyapita kimya. Je, yuko salama nyumbani? Je, alilazimishwa kufanya ngono? Je, ana mawazo ya kujidhuru? Kuuliza juu ya kujiua hakumpi mtu wazo hilo, bali kunampa nafasi ya kulisema. Likiwepo, haachwi peke yake, na daktari anajulishwa siku hiyo hiyo.

Shangazi anamvuta nesi koridoni: "Sista, kwani alikuwa mjamzito?" Jibu la nesi ni moja: "Shangazi, anaendelea vizuri. Hayo mengine atakueleza mwenyewe akitaka." Siri ya mgonjwa mtu mzima haifunguliwi kwa sababu ndugu ndiye aliyelipa bajaji.

Mimba nyingine inaweza kuingia ndani ya wiki 2

Hili ndilo linalowashangaza wengi. Baada ya kujifungua, mwanamke anaweza kukaa muda kabla ya yai kupevuka tena, hasa akinyonyesha. Baada ya mimba changa kuharibika, yai linaweza kupevuka ndani ya wiki 2, kabla hata ya kuona hedhi. Anayeambiwa "rudi kliniki baada ya mwezi" anaweza kurudi akiwa na mimba nyingine. Ndiyo maana mazungumzo ya uzazi wa mpango hufanyika kabla hajatoka hospitali.

Lakini hayafanyiki akiwa kwenye maumivu wala akiwa amelewa dawa, na matibabu hayawekewi sharti la kukubali njia fulani. Nesi anaanza na swali la wazi: "Ungependa kupata mimba lini, kama unapenda?" Kwa anayetaka mtoto, ushauri wa WHO ni kusubiri angalau miezi 6. Kwa asiyetaka sasa, njia karibu zote zinaweza kuanza siku hiyo hiyo: vidonge, sindano, vijiti vya mkononi au kondomu.

Binti anasema anataka kitanzi, kwa sababu rafiki yake anacho. Ni njia nzuri na kwa kawaida kinaweza kuwekwa mara tu baada ya kizazi kusafishwa. Ila kwake kuna tatizo: kizazi kilikuwa na maambukizi, na kitanzi hakiwekwi hadi yapone kabisa. Nesi anamweleza sababu, halafu anampa machaguo mawili. Aondoke na kondomu au vidonge na arudi kwa kitanzi akishapona, au achague njia nyingine sasa.

Anauliza kuhusu vijiti. Nesi anaweka wazi kwamba kuna cha miaka 3 na vya miaka 5, kwamba hedhi inaweza kuvurugika, na kwamba anaweza kutolewa wakati wowote akitaka. Anachagua cha miaka 3. Anakumbushwa pia kwamba kijiti hakizuii virusi vya Ukimwi, kondomu ndiyo inazuia.

Maneno ya mlangoni

Siku ya nne anaruhusiwa. Badala ya kumpa karatasi tu, nesi anamwomba arudie mwenyewe kwa maneno yake. Damu kidogo inayofanana na hedhi inaweza kuendelea hadi wiki 2. Ngono isubiri hadi damu ikatike. Kipimo cha mimba cha mkojo kinaweza kuonyesha mistari miwili kwa wiki 4 hivi, na hilo pekee halina maana ya mimba mpya.

Na arudi hospitali mara moja, usiku au mchana, akiona lolote kati ya haya:

• Analowesha pedi 2 kubwa ndani ya saa 1, kwa saa 2 mfululizo
• Homa au baridi kali
• Uchafu wenye harufu mbaya
• Maumivu ya tumbo yanayozidi
• Kizunguzungu au kuzimia

Binti anarudia yote, ila anasahau harufu. Nesi anamkumbusha, anamwandikia tarehe ya kurudi baada ya wiki 1, na anamwambia zamu zake ni za asubuhi wiki hiyo.

"Nikija usiku nikukose, je?" binti anauliza.

"Utamkuta mwenzangu," nesi anajibu. "Mwambie damu inatoka. Ukifika na kusema hivyo tu, inatosha tuanze."